Sikio la kushoto halina besi: saizi ya vipira vya iyafoni nachaguaje, na nitajuaje vimeziba?

BintiLikoni – Jumapili, saa 2:40 usiku

Hamjambo wanabaraza. Nimenunua iyafoni zisizo na waya, zile za kuingia ndani ya sikio, zenye kipira cha silikoni. Ndani ya boksi mna jozi tatu za vipira: S, M na L. Zilikuja zimevishwa M na nimekuwa nikizitumia hivyo hivyo siku nne.

Sikio la kulia raha tupu. Nikiweka taarabu, gitaa la besi lasikika hadi kifuani. Sikio la kushoto ni sauti ya mwimbaji, tari na fidla basi, kama redio ndogo ya jikoni. Na asubuhi kwenye feri ndiyo kabisa, mvumo wa injini waingia upande wa kushoto kana kwamba sikuvaa kitu, ingawa nimewasha kizima kelele.

Dukani wamenipa siku saba za kurudisha, zimebaki tatu. Nirudishe? Au ni mimi sijui kuvaa? Nataka kujua kwa hakika kabla ya kwenda kumwambia mtu kitu chake ni kibovu.

---

Kisauni_Besi – Jumapili, saa 2:58 usiku

Dada, hilo rahisi. Vua hizo M weka L pande zote mbili. Kipira kikubwa ndicho kinachoziba. Halafu ingia kwenye ikwalaiza ya simu upandishe besi, vile vijiti viwili vya mwanzo. Mimi zangu nimefanya hivyo na zinapiga vizuri.

---

MamaPacha_Bamburi – Jumapili, saa 3:15 usiku

Zangu pia hazina besi, tena pande zote mbili. Nimetafuta hivyo vipira ndani ya boksi sijaviona. Zangu ni plastiki tupu mwanzo mwisho, zakaa tu pale mlangoni pa sikio. Vipira vyake vyauzwa wapi?

---

FundiSauti_Mwembe – Jumapili, saa 3:50 usiku

MamaPacha, zako ni aina nyingine. Hizo zimeundwa zikae wazi na hakuna kipira cha kuzivisha. Huwezi kuzifanya zizibe sikio. Faida yake ni kwamba wawasikia watoto wakikuita, lakini besi nzito usizidai.

BintiLikoni, usirudishe bado. Nafanya kazi ya sauti kwenye bendi, na waimbaji wetu huvaa iyafoni za masikioni jukwaani. Malalamiko kama yako nayasikia kila msimu wa harusi, na mara nyingi iyafoni huwa nzima ila kipira kinavuja.

Nieleze sababu kidogo, maana ukiielewa utajipima mwenyewe. Kile kiwambo kilicho ndani ya iyafoni ni kidogo, chaweza kuwa na upana wa milimita 6 au 10 hivi. Hakina nguvu ya kusukuma hewa ya chumba. Kinachokiwezesha kutoa besi ni kwamba kati ya kipira na ngoma ya sikio lako pana kijumba kidogo cha hewa, hata mililita 2 hakifiki. Kijumba hicho kikifungika vizuri, kiwambo kikisogea kidogo tu hewa yote inabanwa, nawe wasikia besi.

Sasa pakiwa na mwanya, hata mwembamba kama unywele, hewa inatoroka. Besi ya Hz 50 ni kiwambo kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa taratibu, hewa yapata wasaa wa kuchuruzika nje kabla haijabanwa. Tari na herufi kama "s" na "sh" zatetemeka maelfu ya mara kwa sekunde, hewa haiwahi kutoka. Ndiyo maana kwako mwimbaji yupo na gitaa la besi halipo. Wavu wa mdomo wa iyafoni ukiziba kwa nta ya sikio hali huwa tofauti: upande mzima unafifia, na aghalabu ule ukali wa juu ndio unaotangulia kupotea.

Anza na jambo moja tu kesho. Chukua iyafoni ya kulia, ile nzima, iingize sikio la kushoto uishike kwa vidole. Haitakaa sawa kwa sababu ya umbo lake, lakini sekunde kumi zatosha. Kisha ya kushoto uitie sikio la kulia. Udhaifu ukiifuata iyafoni, rudisha dukani. Ukibaki kwenye sikio la kushoto, ni kipira.

---

Kisauni_Besi – Jumapili, saa 4:05 usiku

Sawa fundi, lakini ikwalaiza kwangu imefanya kazi. Siwezi kukataa ninachokisikia.

---

FundiSauti_Mwembe – Jumapili, saa 4:20 usiku

Sikukatai. Mwanya ukiwa mdogo, kuongeza besi kutafidia kiasi. Lakini mwanya wa maana unaweza kuangusha besi ya chini kwa desibeli 20, na ukitaka kuzirudisha kwa ikwalaiza utakiendesha kiwambo mpaka mwisho wa uwezo wake, kianze kukwaruza. Tena ikwalaiza ya simu yapandisha pande zote mbili. Yeye sikio la kulia liko sawa, ukimwongezea litafurika na la kushoto bado litapwaya. Na kelele za feri zitaendelea kuingia kupitia mwanya ule ule, ikwalaiza haizibi tundu.

Kizima kelele nacho ni vivyo hivyo. Hupambana na mvumo wa injini kwa kutoa mvumo wa kinyume chake, na huo mvumo ni besi. Besi ikivuja, silaha yake imevuja.

Hilo la L pande zote mbili nalo tusubiri kwanza. Kubwa si lazima ndiyo inayoziba.

---

BintiLikoni – Jumatatu, saa 1:30 usiku

Nimefanya. Ya kulia nikiitia sikio la kushoto, besi yapotea. Ya kushoto nikiitia sikio la kulia, besi yaja! Kwa hiyo iyafoni zote nzima. Nashukuru sana fundi, ningeenda kugombana na yule kijana bure.

Nikaona nijaribu L upande wa kushoto kama alivyosema Kisauni. Mwanzoni besi iliongezeka, nikafurahi. Baada ya robo saa sikio likaanza kuuma pale mlangoni, na nikizungumza iyafoni yajisukuma nje polepole. Sasa sielewi. M yapwaya, L yauma. Saizi ya katikati hakuna.

---

FundiSauti_Mwembe – Jumatatu, saa 2:10 usiku

Tafuta programu yoyote ya kutoa mlio wa kipimo kwenye simu, ile unayoandika namba ya Hz nayo yatoa mlio mmoja usiobadilika. Weka Hz 50, sauti itoke pande zote mbili sawa. Sauti ya simu iwe ya wastani, na usiipandishe hata ukiona mlio ni hafifu. Masikio yetu hayasikii Hz 50 kwa wepesi, ni kawaida kusikika chini. Wengi hupandisha hapo, kisha wakirudi kwenye muziki wanapigwa na sauti kali.

Vaa zote mbili, keti mahali pa kimya, zima kizima kelele. Sikiliza mambo mawili.

La kwanza, mvumo umekaa wapi? Masikio yote yakiwa yameziba sawa, utausikia katikati ya kichwa. Upande mmoja ukivuja, mvumo wahamia ule uliofungika.

La pili, bonyeza iyafoni moja ndani taratibu kwa kidole. Shika mwili wake, usiguse pale pa kubadilisha wimbo. Mvumo ukipanda unapobonyeza na kushuka unapoachia, hapo pana mwanya. Ukibaki vile vile, pameziba. Usilinganishe mlio wa Hz 50 na mlio wa namba nyingine, linganisha kipira na kipira, sikio na sikio.

Fanya hivyo na M, kisha L, kushoto peke yake. Kulia usipaguse, hapo tayari pana mzani wako. Na L ukiitoa, itazame kabla hujaifuta. Niambie umbo lake.

---

BintiLikoni – Jumatatu, saa 3:25 usiku

Haya majibu.

M kushoto: mvumo uko kulia kabisa. Nikibonyeza ya kushoto waruka hadi katikati, nikiachia warudi kulia. Yaani ni kama mtu anafungua na kufunga mlango.

L kushoto: mvumo uko kulia kidogo, si sana. Nikibonyeza bado wapanda. Nilipoitoa nikaitazama chini ya taa. Ukingo wa kipira umejikunja upande mmoja, ule wa kuelekea kisogoni, na pana mstari kama wa nguo iliyokunjwa kutoka ncha mpaka nje. Nilingoja kidogo ukajinyoosha wenyewe.

Na nikiisukuma L ndani nasikia "krrk" ndogo. Isije ikawa naharibu kitu?

---

FundiSauti_Mwembe – Jumatatu, saa 3:50 usiku

Huo mstari ndio jibu. Kipira ni kikubwa kuliko tundu la sikio lako la kushoto, hakikuingia. Kimekwama mlangoni, na kwa kuwa hakina pa kwenda kimejikunja. Lile kunjo ni mfereji, hewa yapita humo. Kwa hiyo L yavuja kwa ukubwa wake. M nayo nashuku yavuja kwa sababu hiyo hiyo, imesimama nje badala ya kuingia.

"Krrk" ni kiwambo kikipinda kwa hewa uliyoisukuma mbele. Si dalili mbaya, hewa imekosa pa kutokea. Ingiza taratibu nayo itapungua.

Sasa jaribu S. Najua waona ajabu, lakini masikio ya mtu mmoja hayalingani, na wapo wanaovaa saizi mbili siku zote. Tena uvae hivi: mkono wa kulia upitishe juu ya kichwa, shika sikio la kushoto pale juu, livute kwenda juu na nyuma kidogo. Njia ya sikio ina kona, ukivuta inanyooka. Kwa mkono wa kushoto ingiza iyafoni huku ukiizungusha kama unayefungua komeo, kisha achia sikio lijifungie lenyewe juu ya kipira. Usilazimishe, pakiuma rudi nyuma.

---

Dereva_Changamwe – Jumatatu, saa 4:30 usiku

Mimi nisemayo ni kuwa silikoni kwa joto letu hili ni kazi bure. Jasho likitoka yateleza. Nilihamia vipira vya sponji, vile unavyovifinya kwa vidole mpaka vikawa vyembamba, watia sikioni, washikilia kama nusu dakika vinavimba na kujaza tundu lote. Besi unaipata bila kupima chochote. Ila vyangu havimalizi miezi miwili, vyawa vigumu na vyachanika.

---

FundiSauti_Mwembe – Jumatatu, saa 4:45 usiku

Sponji ni nzuri, waimbaji wangu wawili hawataki kingine. Lakini za kwetu hukaa zaidi ya miezi miwili, na jasho wanalitoa sana jukwaani. Nadhani zako zauawa na mafuta na nta, si jasho. Wazifuta? Wazirudisha kwenye kikasha zikiwa mbichi?

---

Dereva_Changamwe – Jumatatu, saa 4:52 usiku

Nazifuta kila jioni kwa kitambaa kikavu. Tofauti ni kwamba wako wavaa saa tatu kwa wiki, mimi navaa nikiwa karakana kutwa. Hapo hatutaafikiana.

---

BintiLikoni – Jumanne, saa 12:50 jioni

S imeziba!

Mara ya kwanza nilivaa kama nilivyozoea, kusukuma tu, mvumo ukabaki kulia. Nikakaribia kukuandikia kuwa umekosea. Nikavua, nikapitisha mkono juu ya kichwa, nikavuta sikio, nikazungusha. Kimya cha chumba kikabadilika hapo hapo, feni ya juu ikawa kama imezimwa. Nikawasha Hz 50, mvumo ukaja katikati. Nikabonyeza kushoto: hakuna mabadiliko. Nikaacha dakika kumi, nikabonyeza tena: hakuna mabadiliko. Nilipoitoa, kipira mviringo, hakina kunjo.

Kisha nikaweka taarabu. Gitaa la besi limekaa katikati, si la upande mmoja tena. Kumbe hata sikio la kulia lilikuwa halinipi utamu wote, kwa sababu besi ilikuwa imelalia huko peke yake.

Lakini bado mambo mawili. Nikitafuna, nilikuwa nakula kachiri za muhogo, besi ya kushoto yaja na kwenda. Na leo asubuhi kwenye feri imepotea tena kabla hatujafika upande wa mjini, ilhali nyumbani ilikuwa imeshika.

---

FundiSauti_Mwembe – Jumanne, saa 1:40 usiku

La kutafuna ni la maumbile. Kiungo cha taya kiko mbele tu ya njia ya sikio, na mdomo ukifunguka njia ile yabadilika umbo. Kama besi yarudi ukifunga mdomo, vumilia. Kama hairudi mpaka uvae upya, kipira kimetoka mahali pake.

La feri, ulikuwa wafanya nini?

---

BintiLikoni – Jumanne, saa 1:48 usiku

Nimesimama tu. Sikuzungumza na mtu.

---

BibiKuze – Jumanne, saa 2:20 usiku

Mwanangu, wavaa hijabu? Nauliza kwa sababu mimi yalinipata hayo hayo. Nyumbani nilikuwa navaa iyafoni kichwa wazi, zashika vizuri. Nikitoka navaa iyafoni kwanza, kisha natandika mtandio juu na kuukaza kwa pini chini ya kidevu. Mtandio unapovutwa unashika kile kijiti cha iyafoni na kukielekeza shavuni, ndani ya sikio kipira kinapinda. Na kila ukigeuza shingo unavutwa tena.

Sasa navaa mtandio kwanza, nauacha ulegee pembeni, naingiza iyafoni kwa kupitisha vidole chini ya kitambaa, kisha ndiyo nakaza pini nikiwa nimeangalia bega la upande wa pili. Hapo kitambaa kina wasaa.

---

BintiLikoni – Jumanne, saa 2:31 usiku

Ndivyo hasa, bibi. Na kushoto ndiko nakopigia pini. Kesho najaribu.

---

FundiSauti_Mwembe – Jumanne, saa 2:50 usiku

Hilo mimi nisingelijua, ahsante bibi. Binti, ukiwa kwenye feri huna haja ya kutoa simu na mlio wa kipimo. Funga mdomo uvume "mmm" kwa sauti yako ya chini. Palipoziba, sauti yako mwenyewe yajaa ndani ya kichwa upande huo, kama unayeongea ndani ya mtungi. Ikijaa kulia na kushoto isijae, kushoto kumefunguka. Hakuna atakayekusikia kwa injini zile.

---

MamaPacha_Bamburi – Jumanne, saa 3:05 usiku

Na mkishaziba hivyo, mtasikiaje mtu akiwaambia msogee gari zishuke?

---

FundiSauti_Mwembe – Jumanne, saa 3:12 usiku

Swali la haki. Mimi ushauri wangu, wakati wa kupanda na kushuka toa moja mfukoni. Na kwenye boda usivae kabisa.

---

BintiLikoni – Jumatano, saa 2:15 usiku

Nimevaa mtandio kwanza kama bibi alivyosema. Asubuhi nimevuma "mmm" mara tatu, tukiondoka, katikati ya maji na tukikaribia. Mara zote mbili za mwanzo sauti yangu ilijaa pande zote. Mara ya tatu kushoto ilikuwa imelegea kidogo, nilikuwa nimeinama kuokota mkoba. Nikazungusha kwa kidole, ikashika tena. Injini naisikia kwa mbali sana sasa.

Jioni nilikuwa nimetoka jasho na S ikateleza kidogo, kwa hiyo maneno ya Dereva nayo yana ukweli. Nilifuta sikio na kipira kwa leso, ikakaa. Nimemwambia yule kijana wa duka kwamba sirudishi.

Nataka kujaribu sponji upande wa kushoto peke yake. Shida ni kwamba mdomo wa iyafoni zangu, pale kipira kinapovishwa, si mviringo, ni kama yai. Nimepima kwa rula, kama milimita 6 kwa 4. Za sponji nilizoziona mjini zote zina tundu la mviringo. Zitashika?

---

Dereva_Changamwe – Jumatano, saa 2:40 usiku

Tundu la sponji huwa na kimrija laini ndani, kinanyumbuka. Zangu ni za mviringo kwenye mdomo wa yai na hazijawahi kubaki sikioni.

---

FundiSauti_Mwembe – Jumatano, saa 3:00 usiku

Mimi nimeona moja ikibaki sikioni mwa mtu na ikabidi aende hospitali kutolewa, kwa sababu ilivishwa kwenye mdomo usio wake. Kabla hujaitia sikioni, ivishe kisha uivute kwa vidole viwili. Ikitoka kwa urahisi, usiitumie. Na angalia kikasha, sponji huwa ndefu na kifuniko kinaweza kukataa kufunga, iyafoni zikalala bila kuchaji.

---

BintiLikoni – Jumatano, saa 3:08 usiku

Jumamosi naenda nazo mkononi, pamoja na kikasha, nijaribu hapo hapo dukani. Nitaandika hapa.